Nilivyoandaa faharasa ya istilahi za utunzaji wa hesabu kwa wanagenzi

Nilipopewa kazi ya kuwaandalia wanagenzi faharasa ya istilahi za msingi za utunzaji wa hesabu, nilianza kwa kuzipitia faharasa tulizokuwa nazo. Nyingi zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti, na kila istilahi ilikuwa na mfano wake usiohusiana na mwingine wowote. Mwanagenzi angeweza kukariri maana ya mdaiwa na maana ya mizania bila kutambua kwamba deni la huyo mdaiwa ndilo linaloonekana ndani ya mizania hiyo. Kwa hiyo niliamua kutunga biashara moja ya kufikirika, yenye miamala michache, na kuchota humo mifano yote. Niliachana pia na alfabeti, nikazipanga istilahi kwa kufuata njia ambayo muamala hupita kutoka kwenye hati hadi kwenye taarifa za mwisho wa mwaka, na nikajiwekea sharti kwamba fasili yoyote isitumie istilahi ambayo haijaelezwa juu yake.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mmiliki alianza mwaka kwa kuweka fedha taslimu 5,000. Alinunua vifaa vya kufanyia kazi kwa taslimu 1,000, kisha akanunua bidhaa za kuuza kwa mkopo wa 1,200. Aliuza bidhaa kwa taslimu 900 na nyingine kwa mkopo wa 1,500. Alilipa kodi ya pango 400, akamlipa msambazaji wa bidhaa 700 kati ya zile 1,200, akapokea 600 kutoka kwa mteja aliyenunua kwa mkopo, na akachukua 100 kwa mahitaji yake binafsi. Kiasi nilikitaja bila sarafu yoyote, na nilichagua tarakimu ndogo ili mwanagenzi aweze kujumlisha bila kikokotoo.

Istilahi za mwanzo hazikunipa shida. Muamala ni tukio linalobadilisha hali ya fedha ya biashara na linaloweza kupimwa kwa kiasi; kulipa pango 400 ni muamala, lakini kuuliza bei ya vifaa si muamala. Hati ni karatasi au kumbukumbu inayothibitisha kwamba muamala ulifanyika, kama vile ankara ya bidhaa za 1,200 au stakabadhi ya pango. Akaunti ni mahali ambapo mabadiliko ya kitu kimoja, kwa mfano fedha taslimu, hukusanywa pamoja, na leja ni kitabu kinachobeba akaunti zote.

Debiti na krediti ndizo nilizozifikiria kwa muda mrefu zaidi. Fasili iliyokuwa ikitumiwa sana ilisema kwamba debiti ni kuongezeka na krediti ni kupungua, nayo ni sahihi kwa akaunti ya fedha taslimu lakini si kwa akaunti ya mauzo. Nilichoandika mwishowe ni hiki: debiti ni ingizo la upande wa kushoto wa akaunti, na krediti ni ingizo la upande wa kulia. Ndipo nikaongeza kanuni inayotegemea aina ya akaunti. Akaunti za vitu ambavyo biashara inavimiliki, za gharama, na ile ya fedha anazochukua mmiliki huongezeka kwa debiti na kupungua kwa krediti. Akaunti za madeni ambayo biashara inadaiwa, za mtaji na za mapato huongezeka kwa krediti na kupungua kwa debiti. Kila muamala huingizwa kwa kiasi kilekile katika pande zote mbili. Kwa pango la 400, akaunti ya pango hupata debiti 400 kwa sababu gharama imeongezeka, na akaunti ya fedha taslimu hupata krediti 400 kwa sababu fedha zimepungua.

Niliona inafaa kuweka hapo dokezo kuhusu benki, kwa sababu swali hilo huulizwa na karibu kila mwanagenzi aliyewahi kusoma taarifa ya akaunti yake. Mtu akiweka fedha benki, taarifa ya benki huandika krediti, ilhali katika vitabu vyake yeye mwenyewe ingizo hilo ni debiti. Hakuna mgongano. Taarifa ile ni nakala kutoka vitabu vya benki, na kwa benki fedha za mteja ni deni ambalo siku moja italazimika kulirudisha, na deni la namna hiyo huongezeka kwa krediti.

Kutoka hapo majina ya makundi yalikuja kwa urahisi. Mali ni kitu chenye thamani ambacho biashara inakimiliki au inastahili kukipata, na dhima ni kile ambacho biashara inawiwa kulipa. Mdaiwa ni yule anayepaswa kuilipa biashara: mteja aliyenunua kwa 1,500 na kulipa 600 bado anadaiwa 900, na hizo 900 ni mali ya biashara hata kama hazijaingia mkononi. Mdai ni yule ambaye biashara inapaswa kumlipa: msambazaji bado anadai 500, na hiyo ni dhima. Mtaji ni haki ya mmiliki katika biashara, yaani kinachobaki baada ya kutoa dhima kutoka kwenye mali. Wanagenzi wengi hushangaa kuuona mtaji upande mmoja na madeni, lakini biashara huhesabiwa kuwa kitu tofauti na mwenye nayo, hivyo zile 5,000 ni kiasi ambacho biashara inapaswa kumtambulia mmiliki wake.

Salio nililieleza kwa akaunti moja tu, ile ya fedha taslimu. Upande wa debiti una 5,000, 900 na 600, jumla 6,500. Upande wa krediti una 1,000, 400, 700 na 100, jumla 2,200. Tofauti ya pande hizo, 4,300, ndiyo salio. Baada ya kila akaunti kupata salio lake, urari ni orodha ya masalio yote, ya debiti upande mmoja na ya krediti upande wa pili:

```
Akaunti              Debiti   Krediti
Fedha taslimu         4,300
Vifaa                 1,000
Mdaiwa                  900
Manunuzi              1,200
Pango                   400
Fedha za mmiliki        100
Mtaji                           5,000
Mauzo                           2,400
Mdai                              500
Jumla                 7,900     7,900
```

Fasili ya urari ningeweza kuiishia hapo, ila ingemwacha mwanagenzi akiamini kwamba jumla zikilingana kazi ni sahihi. Niliandika kwanza namna ya kusoma tofauti zinapokosa kulingana. Salio likiwekwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili ya kiasi hicho: pango la 400 likihamia krediti, jumla zinakuwa 7,500 na 8,300, tofauti ni 800, na nusu yake inatuelekeza kwenye pango. Tarakimu mbili zilizopishana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki. Manunuzi ya 1,200 yakinakiliwa kama 2,100, tofauti ni 900. Hata hivyo, 900 ni salio la mdaiwa pia, na kulisahau salio hilo kungeleta tofauti ileile. Mgawanyiko wa 9 ni dalili ya mahali pa kuanza kutafuta, wala si uthibitisho.

Zaidi ya hayo kuna makosa ambayo urari hauyaoni kabisa. Muamala ambao haukuingizwa popote huacha jumla zikilingana, na vivyo hivyo muamala ulioingizwa kwa kiasi kisicho sahihi pande zote mbili, au ulioingizwa upande sahihi lakini katika akaunti isiyo yake. Kosa hili la mwisho nililifuatilia hadi mwisho, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kwa nini mali na gharama zinahitaji fasili zinazotofautiana waziwazi.

Gharama ni thamani iliyotumika ili kupata mapato ya kipindi husika, ilhali kitu kitakachoendelea kutumika katika vipindi vijavyo ni mali. Faida ghafi ni mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa. Mwisho wa mwaka bidhaa zilizobaki zilihesabiwa na kuthaminiwa kwa 200, kwa hiyo zilizouzwa ziligharimu 1,200 kutoa 200, yaani 1,000, na faida ghafi ni 2,400 kutoa 1,000, yaani 1,400. Faida halisi ni faida ghafi ukitoa gharama nyingine. Tukiondoa pango la 400 inabaki 1,000. Sasa tuseme vile vifaa vya 1,000 viliingizwa katika akaunti ya manunuzi. Urari bado unasoma 7,900 kila upande, lakini bidhaa zilizouzwa zinaonekana kugharimu 2,000, faida ghafi inashuka hadi 400, na faida halisi inakuwa sifuri. Tofauti kama hiyo huonekana pale tu mtu anapoilinganisha leja na ankara zenyewe, au anaposhangaa kwa nini faida ghafi imekuwa ndogo kuliko anavyoijua bei aliyouzia.

Mizania ni taarifa inayoonyesha mali, dhima na mtaji katika tarehe moja. Hapa mali ni fedha 4,300, vifaa 1,000, mdaiwa 900 na bidhaa zilizobaki 200, jumla 6,400. Upande wa pili una dhima ya 500 na mtaji wa 5,900, ambao ni 5,000 za mwanzo, kuongeza faida 1,000, kutoa 100 alizochukua mmiliki. Hizo 100 hazikupita kwenye gharama, kwa sababu hazikutumika kuleta mapato. Nilisisitiza kwamba hata mizania yenye lile kosa la vifaa ingelingana: mali 5,400, dhima 500, mtaji 4,900.

Istilahi ya mwisho niliyoikubali ni uchakavu, ingawa mwenzangu mmoja alishauri nimwachie mwalimu wa hatua inayofuata. Niliibakiza kwa kuwa, baada ya kuambiwa kwamba vifaa si gharama, mwanagenzi angeuliza mara moja thamani yake itaishia wapi. Uchakavu ni sehemu ya gharama ya mali ya kudumu inayohesabiwa kuwa imetumika katika kipindi kimoja. Vifaa vya 1,000 vinavyotarajiwa kutumika miaka 5, bila thamani ya kubaki, na kwa viwango sawa, vina uchakavu wa 200 kwa mwaka. Akaunti ya uchakavu hupata debiti 200, thamani ya vifaa katika mizania inakuwa 800, faida halisi inashuka kutoka 1,000 hadi 800, na jumla ya mizania inakuwa 6,200. Salio la fedha taslimu linabaki 4,300, kwa kuwa fedha za vifaa zilitoka siku vilipolipiwa.