Stori Yangu Ilivyosema "Kesho" Hadi Darasa Likaisha

Aliyenishauri aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Panga stori na posti ziruke saa ileile, kitu ni kilekile." Nikamwamini. Naendesha ukurasa mdogo wa kufundisha ushonaji kwenye Instagram, na Jumamosi ile nilikuwa na darasa la bure la mubashara, saa nne asubuhi. Basi Ijumaa saa mbili usiku, muda ambao wafuasi wangu wengi huwa mtandaoni, programu yangu ya kupanga posti ikarusha vyote viwili. Picha ilikuwa moja, imeandikwa "Kesho saa nne! Gusa hapa ujiandikishe", na kidole kikubwa chekundu kikielekeza chini. Kidole hicho nilikichora mwenyewe, tena kwa madaha.

Jambo la kwanza kuharibika ni hicho kidole. Kwenye stori, linki hukaa ndani ya stika, na programu ikirusha stori yenyewe bila mimi, stika hazifuati. Maelezo niliyoandika chini ya picha nayo yalibaki kwenye posti tu, kwa sababu stori haina sehemu ya maelezo. Kila neno lazima liwe juu ya picha. Kwa hiyo watu waligusa, wakagusa tena, wakapelekwa kwenye stori ya mtu mwingine. Kidole kilielekeza hewani usiku kucha.

La pili ndilo lililoniumiza. Stori huishi saa 24 tangu iliporushwa. Hesabu mwenyewe: kutoka Ijumaa saa mbili usiku hadi darasa kuanza ni saa 14. Saa 10 zilizobaki, stori yangu ilikuwa inatangaza darasa lililokwisha kuanza. Waliofungua simu Jumamosi asubuhi walisoma "kesho" wakaelewa Jumapili. Na kweli, Jumapili saa nne kuna mama aliniandikia: "Mwalimu, mbona sikuoni?" Sikuwa na la kujibu.

Kwenye posti nilijiokoa haraka. Nilifungua maelezo, nikafuta "kesho", nikaandika tarehe. (Picha yenyewe ilibaki na "kesho" yake, haibadiliki, ndiyo maana siku hizi sithubutu kuandika neno hilo mahali popote.) Stori hairekebishwi hata herufi moja ikisharuka. Unaifuta, unaanza upya.

Baada ya hapo nikageuza hesabu. Posti naihesabu kwenda mbele: nairusha Jumatano jioni, ikiwa na siku na tarehe, ili ipate muda wa kuzunguka, maana hata atakayeiona Ijumaa itamfaa, na atakayefungua ukurasa wangu mwezi ujao hatachanganyikiwa. Stori naihesabu kurudi nyuma. Najiuliza habari hii inachacha lini, kisha natoa saa 24. Darasa la Jumamosi saa nne asubuhi, stori inaruka Ijumaa saa nne asubuhi, na inajizima yenyewe wakati mimi nasalimia wanafunzi. Ndiyo, saa nne asubuhi si muda wa watu wengi. Lakini jioni ile yenye watu bado imo ndani ya zile saa 24, na hilo mshauri wangu hakuliwaza kabisa.

Stori ya kukumbusha, ile ya "tunaanza baada ya nusu saa", haina ujanja. Itaishi hadi Jumapili usipoifuta kwa mkono, kwa kuwa programu yangu inajua kurusha tu, kuondoa haijui. Naweka kengele ya simu.

Kuhusu stika: nimebadilisha mpangilio, sasa programu hairushi stori, inanitumia arifa. Naigusa, picha inafunguka Instagram, nabandika linki, natuma. Ni sekunde chache. Ila hapo ujue ulichopanga ni ukumbusho tu. Wiki ya kwanza arifa ilikuja simu ikiwa inachajiwa chumba cha pili, nikatuma saa nne na dakika arubaini. Saa 24 huhesabiwa tangu kutuma kwako kweli, si muda uliopanga, kwa hiyo kesho yake nilifundisha dakika arubaini nzima huku stori ikiendelea kuita watu wajiandikishe. Walijiandikisha wawili. Sasa arifa naiweka dakika kumi kabla, na stori zikiwa tatu zinazofuatana naziachia dakika tano tano katikati, maana siku moja nilizipanga zote dakika ileile na ya tatu ikatangulia: watu wakaona gauni limekamilika, kisha nikaanza kukata kitambaa.