Bawasiri baada ya kujifungua: nilivyokalia maji ya vuguvugu Lamu

Bawasiri yangu ilitoka siku nilipojifungua. Kusukuma mtoto kulikuwa kwa muda mrefu, na nilipojigusa wakati wa kutawadha nikakuta kinyama kigumu pembeni ya njia ya haja kubwa, kikubwa kama tende, kinachouma hata nikikohoa. Muuguzi aliyenikagua kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani alisema ni bawasiri ya nje na ndani yake pana damu iliyoganda, ndiyo maana kimekuwa kigumu na rangi yake imeingia ubuluu. Akanipa dawa ya maji ya kulainisha choo na paracetamol, akaniambia nikalie maji ya vuguvugu. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mengi nilikuja kuyaelewa nilipomrudia na maswali, kwa sababu nyumbani nilikuta maji ya namna nyingine yananisubiri.

Kwetu Lamu mzazi hakai arobaini bila kukandwa. Mkunga alikuja asubuhi na mapema, sufuria kubwa ikachemka mekoni, leso ikachovywa, ikakamuliwa huku inafuka moshi, nikakandwa tumbo, kiuno na mapaja. Hilo nalipenda na lilinituliza mwili. Lakini kukandwa kuna sehemu ya mwisho: mzazi hukalishwa kwenye maji hayo hayo ya moto yaliyotiwa chumvi, ayavumilie kadiri awezavyo, ili huko chini kukauke na kurudi. Mama alikuwa ameshaandaa karai. Nikamwambia, "Mama, muuguzi amesema vuguvugu." Akanijibu, "Mwanangu, vuguvugu litatoa nini? Uvimbe hutolewa na moto."

Swali la mama ni la haki, na ndilo nililompelekea muuguzi: maji haya hutoa nini hasa?

Tundu la haja limezungukwa na misuli miwili iliyopangana kama pete. Wa nje tunaukaza na kuulegeza kwa hiari yetu. Wa ndani haumsikilizi mtu, umekaza wakati wote, usiku na mchana. Penye maumivu, msuli huo wa ndani hukaza zaidi. Ukikaza, unazibana mishipa ya damu iliyopita hapo, damu inaingia lakini inatoka kwa shida, kinyama kinabaki kimejaa, maumivu yanaongezeka, na msuli unazidi kukaza. Maji ya vuguvugu yanaingia kwenye mzunguko huo kwa kuulegeza msuli. Wapo watafiti waliopima mbano wa tundu la haja wakakuta maji ya nyuzi 40 yanaupunguza na ya baridi hayaugusi. Wengine walipima wasione tofauti kubwa. Kwa mwili wangu, unafuu wenyewe niliusikia dakika chache baada ya kukaa: yale maumivu ya kuvuta kwa ndani, kama kitu kinachopindwa, yanaachia.

Lakini kinyama chenyewe hakipungui kwa kuyeyushwa na maji. Hapo ndipo wengi wetu tunapotarajia kisichokuwepo. Damu iliyoganda ndani yake hufyonzwa na mwili taratibu, maumivu makali hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na uvimbe huchukua wiki kadhaa. Maji yanakupunguzia maumivu wakati mwili unafanya kazi hiyo, na yanakuosha bila kusugua. Moto mkali una hasara mbili. Kwanza, joto hupanua mishipa na kuleta damu zaidi mahali ambapo tayari pamejaa, kwa hiyo ukikaa sana kwenye maji makali unaweza kuinuka umevimba kuliko ulivyokaa. Pili, ngozi ya hapo ni laini, na baada ya uzazi imevutika na huenda ina mshono. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na mzazi aliyechoka, aliyeambiwa avumilie, anaweza asigundue mapema.

Kinachopunguza uvimbe katika siku za kwanza ni baridi. Mdogo wangu alikuwa akininunulia barafu dukani, tunaivunja, tunaifunga kwenye kitambaa kisafi, nailaza pale kwa dakika kama 10 nikiwa nimelala ubavu. Barafu haigusi ngozi moja kwa moja. Nilikuwa natumia baridi katikati ya mchana, na maji ya vuguvugu kwa nyakati zake, nikiacha nafasi baina yao.

Sasa nyuzi 40 unazipataje nyumbani bila kipimajoto? Maji ya birika letu la chooni, yaani tangi la kuhifadhia maji, hukaa kwenye nyuzi 27 au 28, maana Lamu hakuna maji baridi ya kweli. Ukichota lita 5 za maji hayo ukaongeza lita 1 iliyochemka sasa hivi, mchanganyiko unafika karibu na nyuzi 40, na beseni likila joto kidogo unabaki kwenye 38 au 39. Hapo panatosha. Sisi tulipima kwa dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia lililooshwa vizuri, na jagi la lita moja. Maji ya birika yanatangulia, yaliyochemka yanafuata, kisha unakoroga mpaka chini, kwa sababu maji ya moto hukaa juu na unaweza kudanganyika. Mwisho unatia kiwiko. Yakiwa kama maji unayomwogeshea mtoto, au yamezidi kidogo tu, kaa. Kiwiko kikitaka kutoka, ongeza ya birika. Maji ya kwetu ya kisima yana chumvichumvi, na mama alipouliza habari ya kuongeza chumvi nyingine muuguzi alisema haina haja. Maji matupu yanafanya kazi ile ile. Alichokataza kwa nguvu ni dawa za kuulia vijidudu, sabuni na majani. Vyote hivyo hukausha na kuwasha ngozi iliyokwisha kuvimba, na mwasho unakuletea kujikuna, na kujikuna kunaleta kidonda.

Beseni liwe pana, lenye kitako bapa, na liwe la kazi hiyo peke yake. Letu la plastiki lilisuguliwa kwa sabuni kila baada ya kutumika, likasuuzwa, likafunikwa kifudifudi juani. Nililiweka sakafuni karibu na ukingo wa birika ili niwe na pa kujishikia. Unakaa makalio yote ndani, magoti yamekunjwa, maji yanafunika sehemu yenyewe. Usikae kwa kuning'inia, makalio yameegemea ukingo na katikati hakuna kinachoshika, maana uzito wa mwili unasukuma damu kushuka pale pale unapotaka ipungue. Ndiyo sababu hiyo hiyo haifai kukaa chooni muda mrefu na simu mkononi.

Muda ni dakika 10 hadi 15. Ishirini ndiyo mwisho. Mimi nilikuwa nawekewa maji mtoto akishanyonya na kulala, na mdogo wangu anaangalia saa, kwa sababu ukikaa na raha imekuja hutaki kuinuka. Ngozi iliyolowa mno hulainika kupita kiasi na kuanza kuwasha, na kukaa kwenyewe, hata majini, ni mzigo kwa bawasiri. Maji yakipoa katikati, inuka kwanza, ndipo umimine mengine ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, ukoroge, ujaribu tena kwa kiwiko. Kumimina mtu akiwa amekaa ndiko kunakounguza.

Nilikalia mara tatu kwa siku: baada ya haja ya asubuhi, alasiri, na kabla ya kulala. Nikienda haja wakati mwingine, naongeza. Ile ya baada ya haja ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu msuli umetoka kufanya kazi na umekaza kwa maumivu, na pia inakuondolea haja ya kujifuta. Ukimaliza usisugue. Unainuka taratibu, kwanza magoti, kisha kusimama ukiwa umeshika kitu, kwa sababu maji ya joto hushusha damu miguuni na mzazi aliyepoteza damu anaweza kusikia kizunguzungu. Mlango wangu haukufungwa kwa komeo, na kulikuwa na mtu nje. Halafu unajikausha kwa kubonyezabonyeza kipande cha leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini.

Yote haya hayafai kitu choo kikiwa kigumu. Chakula cha mzazi kwetu ni mchuzi wa pilipili manga, wali na nyama, na kidogo sana cha mboga. Nilimwomba mama aniongezee papai, mchicha na maji ya kunywa, hasa kwa kuwa nanyonyesha, na nikaendelea na ile dawa ya kulainisha choo mpaka haja ikawa inatoka bila kusukuma.

Mkunga nilimweleza mwenyewe, kwa adabu, na mama akiwepo. Nilimwambia, "Bibi, tumbo na kiuno nikande utakavyo. Huko chini kuna damu imeganda, moto unaiongezea damu." Akafikiri kidogo, akauliza kinyama kina rangi gani. Nilipomwambia kina ubuluu, akasema, "Basi hicho kiache kipoe." Tangu siku hiyo alikuwa akimaliza kunikanda, yeye mwenyewe ndiye anayenichanganyia maji ya beseni.

Muuguzi alinipa pia mipaka ya kusubiri nyumbani. Kinyama cha namna hii kikiuma kiasi cha kushindwa kulala, daktari anaweza kukikata kwa ganzi ya sehemu na kutoa damu iliyoganda, lakini faida kubwa ya kufanya hivyo iko ndani ya siku 3 za mwanzo. Baada ya hapo maumivu huwa yameanza kushuka yenyewe, na kukata kunakuongezea kidonda bure. Maumivu yakizidi kila siku badala ya kupungua, au ukipata homa, usaha, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo si bawasiri ya kukalia maji. Huenda ni jipu, na unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo damu ikitoka nyingi, au choo kikiwa cheusi kama lami.

Mimi maumivu yalianza kushuka mapema, kinyama kikalainika, ubuluu ukatoka. Nikapunguza hadi mara moja kwa siku, baada ya haja tu, kisha nikaacha. Pamebaki kigozi kidogo kilicholegea. Daktari alikitazama nilipompeleka mtoto chanjo, akasema hakina madhara na hakihitaji kukatwa isipokuwa kikinisumbua katika kujisafisha.