Pishi la dagaa ambalo watu walikuwa hawalielewi, sasa wanalipika

Wasomaji wa pishi langu la dagaa wa Mwanza walikuwa wananiuliza mambo yaliyomo humo humo: mafuta kiasi gani, maji yanawekwa lini. Vipimo vilikuwa vimefunikwa na hadithi ya bibi na mwalo wa Kirumba. Nilifupisha hadithi, nikaongeza picha, maswali yakaendelea.

Kwanza nikaandika utangulizi upya, nikibakiza tu kinachomsaidia mpishi: "Chakula cha watu wanne, dakika 40. Dagaa wakiwa wamekaushwa mchangani, ondoa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka chini ya bakuli kusibaki mchanga." Bibi alibaki kwa sentensi moja, kwa sababu ndimu ya mwishoni ni yake.

Kisha mahitaji nikayapanga kwa mfuatano wa kutumika: dagaa vikombe 2, mafuta, kitunguu 1, nyanya 3 zilizokatwakatwa, maji nusu kikombe, chumvi, ndimu.

Kilichomaliza kazi ni kugawa kile kinachotumika mara mbili. Mafuta yalikuwa yameandikwa "vijiko 5", mtu anamimina yote, kitunguu kinakosa. Sasa yanasomeka "vijiko 5 vya chakula: 4 vya kukaangia dagaa, 1 cha kitunguu", na kila hatua inarudia kipimo chake. Hatua nazo zina dalili, maana majiko ya mkaa hayalingani moto: "kaanga dagaa mpaka wakauke na kulia wakigeuzwa", "pika nyanya mpaka mafuta yajitenge, ndipo uweke maji".

Shemeji yangu wa Nyegezi alilipika bila kunipigia simu.