Nilivyoliandika upya jibu la "Hukufaulu"

Ghala letu la vipuri vya magari liko Eneo la Viwanda, Nairobi, na kazi ya kuwajibu waombaji kazi huniangukia mimi. Tulipotafuta karani wa stoo tuliwahoji watu sita. Bosi akaniachia mstari mmoja wa kuwatumia wale watano waliokosa: "Hukufaulu. Nafasi imejazwa." Nikautuma ulivyo.

Jioni ile mama mmoja akanipigia. "Samahani dada, nilitaka tu kujua, ni vyeti vyangu ama ni vile nilijibu?" Nikababaika, na karatasi ya alama ilikuwa mbele yangu. Alikuwa wa pili. Siku ya mahojiano alikuwa ametoka Kayole alfajiri, akapanda matatu mbili, akafika kabla hata ya mlinzi kufungua geti.

Nilianza na neno lenyewe. "Hukufaulu" linamhukumu mtu, ilhali ni sisi tuliochagua. Kwa hiyo nikakifanya kitenzi kiwe chetu: "tumemchagua mwombaji mwingine."

Jaribio la kwanza nililipamba mno: asante nyingi, sifa, kisha "tutakuzingatia". Mwenzangu wa mapokezi akasoma, akauliza, "Sasa huyu amepata ama hajapata?" Nikauleta uamuzi kwenye sentensi ya pili:

"Mpendwa Bi. (jina), asante kwa kufika kwenye mahojiano ya karani wa stoo Jumanne iliyopita. Tunasikitika kukufahamisha kwamba tumemchagua mwombaji mwingine. Majibu yako kuhusu kupokea na kukagua mizigo yalituridhisha. Aliyechaguliwa alikuzidi kwa uzoefu wa kutunza hesabu ya stoo kwa kompyuta, kama tangazo lilivyotaka. Ukiwa na swali, nipigie kwa namba hii."

Sababu niliitoa kwenye tangazo na karatasi ya alama. Kama haimo humo, siiandiki; "hukuwa mchangamfu" ni maoni tu, na mtu hawezi kuyafanyia kazi. "Tutahifadhi maombi yako" nililifuta kwa sababu hatukuwa na nia hiyo. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu taarifa za mtu kuwekwa zaidi ya muda unaohitajika. Tukitaka kuzihifadhi, sasa tunamwomba mwenyewe ruhusa.

Wale ambao hatukuwahoji wanapata sentensi tatu zisizo na sababu, kwani maombi yao tuliyapitia haraka na kudai vingine ni uongo. Anwani zao naziweka kwenye `Bcc`, wasionane majina.

Bosi aliona ni maneno mengi. Nikampigia hesabu: barua moja dakika nne, watano dakika ishirini. Akasema tuma.

Ya yule mama niliitanguliza, na juu yake nikaandika, "Niwie radhi kwa ujumbe wa kwanza." Akajibu usiku: "Asante dada. Hiyo ya kompyuta wanafunza wapi?" Asubuhi nikampigia.