Kila kitu

Tangu Jumanne nina sentensi moja inanizunguka kichwani, na leo Ijumaa nimeona afadhali niiandike hapa, huenda nikalala.

Wiki yenyewe haikuwa haba. Mahari ya mdogo wangu yamepokelewa Jumatano na shangazi zetu wakaimba mpaka sauti zikakauka, posho yangu ya elfu tano ya uhudumu wa afya ya jamii imeingia, na mota ya kile kisima nilichokuwa nikiwalalamikia hapa imerudi kufanya kazi. Lakini ninachokisikia ni daktari wa zamu pale zahanati, ameshika karatasi yangu, hata uso hajainua: "Dada, hukuandika kila kitu."

Mtoto ana miezi 14, ni wa ile nyumba ya mwisho kabla ya mikorosho, mnaikumbuka. Aliharisha tangu Jumapili. Nilifika saa nne kasoro asubuhi, mamake yuko shambani Lungalunga, mtoto yuko na bibi yake. Macho yameingia ndani, analia na machozi hayatoki. Nikamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, nikaachilia, ikarudi polepole, kama kitambaa kizito. Utepe wa kupima lishe mkononi ulisoma kijani, yaani salama, sentimita 12.7. Damu kwenye choo hakuna, nepi niliifunua nikatazama mwenyewe.

Nikachanganya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini. Pakiti zetu ni za nusu lita, na bibi alikuwa na chupa ya soda ya mililita 500, kwa hiyo sikukisia. Kijiko cha kwanza mtoto alikigombea kwa mikono miwili. Hapo ndipo mtu hudanganyika. Bibi akafurahi, "Ona, ana nguvu bado!" Ile ilikuwa kiu, mwili unadai maji yake. Baada ya vijiko vinne akatapika. Nikangoja dakika 10 kwa saa ya simu, nikaanza tena polepole zaidi, kijiko, natulia, kijiko. Akatapika. Nikangoja tena, nikampa maji matupu, nayo yakarudi. Zinki sikumpa, kidonge kingefuata njia ileile.

Mwenzangu yeyote wa kazi hii anajua maana yake. Kutapika ni jambo moja, kutapika kila kitu ni jambo lingine. Anayetapika mara mbili kwa siku, na katikati kuna kinachobaki tumboni, unaweza kumtibu nyumbani kwa ORS na zinki, ukarudi kumtazama. Asiyebakiza chochote ana dalili ya hatari, ni rufaa ya saa hiyohiyo, kwa sababu dawa yoyote ya mdomo haitamfaa. Wala hatuambiwi tumwamini mzazi kwa neno tu, tunaambiwa tumpe mtoto kitu anywe mbele yetu, tuone. Mimi nilimpa. Mara tatu niliona.

Kisha nikakaa kwenye kigoda, daftari la fomu za rufaa, MOH 100, gotini, bodaboda ananguruma nje, nikaandika kwenye sababu ya rufaa: "Anaharisha siku 3, anatapika, homa kidogo." Kwenye matibabu yaliyotolewa nikaandika: "ORS."

Basi.

Bodaboda alimchukua bibi na mtoto, mimi nikafuata kwa miguu, mwendo wa saa moja na zaidi. Simu ilikuwa na chaji ya kunionyesha saa tu, sikuwapigia kule kuwaambia anakuja. Na bibi yule masikio yake ni mazito, akiulizwa jambo hujibu "naam" ili asimsumbue mtu. Kwa hiyo mdomo wa pekee uliokwenda na yule mtoto ulikuwa karatasi yangu, nayo ilisema "anatapika".

Nikawakuta kwenye benchi, wa sita kwenye foleni. Karatasi ilikuwa imesomwa mlangoni, ikarudishwa mkononi mwa bibi. Mtoto hakuwa akilia tena. Nikamletea kijiko mdomoni, hakukigombea, maji yakateremka shavuni. Nikampita kila mtu na kuingia ndani naye.

"Daktari, huyu amelegea, hanywi."

Akamshika, akamfinya ngozi, akaita muuguzi alete dripu. Mkono wake ukiwa unatafuta mshipa akaitazama karatasi.

"Umeandika anatapika."

"Ndiyo, daktari. Nimeandika."

"Waliokaa pale nje nusu yao wanatapika. Dada, hukuandika kila kitu."

Njiani kurudi nilikuwa na hasira. Nilidhani ananiambia nimefanya kazi nusunusu, mimi niliyempima mkono, niliyemchungulia nepi, niliyehesabu dakika 10 mara mbili. Nimefika karibu na mikorosho ndipo lilipoingia: huenda hakunilaumu kwa kazi yote. Alitaka yale maneno mawili. "Kila kitu." Lau ningeyaandika, aliyesoma pale mlangoni asingemwacha benchi. Tangu hapo naigeuza sentensi upande huu na upande ule, na kila upande ina haki.

Nimekuwa nikiiandika upya ile karatasi kichwani, na juzi usiku nikaiandika nyuma ya daftari:

"DALILI YA HATARI: anatapika kila kitu. Nimejaribu mara 3 kati ya saa 4 na saa 4:40, hakubakiza. Anaharisha siku 3, choo cha maji, hakina damu. Macho yameingia, ngozi inarudi polepole. Saa 4:40 alikuwa macho na anataka kunywa. ORS vijiko kama 10, vyote vimerudi. Zinki hajapewa. Bibi anaendelea na ORS njiani. Bibi hasikii vizuri, niulizeni mimi."

Ni mistari michache. Dakika mbili za wino. Ule mstari wa "alikuwa macho na anataka kunywa" nimeuona uzito wake baadaye: mpokeaji angemwangalia, angeona hataki tena, angejua ameporomoka njiani.

Leo asubuhi nimeletewa kipande cha chini cha ile fomu, kile anachojaza anayepokea. Mara nyingi hakirudi. Mwandiko ni wake, yule daktari: dripu kwa muda wa saa tatu, amekojoa, amekunywa, amelala usiku mmoja, zinki kidonge kimoja kila siku kwa siku 10, "tafadhali mfuatilie". Chini kabisa: "Asante kwa kuja mwenyewe."

Nimekisoma nimesimama, kisha nikaenda nyumba ya mwisho. Mamake amerudi kutoka Lungalunga. Nikahesabu vidonge, vimebaki 7, sawasawa, ameanza Jumatano. Anakiyeyusha kwenye kijiko kwa maziwa yake mwenyewe. Nikamwambia asiache hata choo kikishakuwa kigumu, vyote 10 viishe, akaitikia. Nikamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikarudi kabla sijaondoa vidole, naye akanipiga kofi kwa kukasirika. Machozi yalimtoka, machozi ya kweli, mpaka kidevuni. Nimekaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Sasa ni saa nne usiku. Kijana wangu wa Mombasa hajapiga simu tangu Jumapili. Alisema anahama chumba, nami nikiwa na haraka sikumuuliza anahamia wapi.