Herufi o ilikuwa na mawimbi, nikaichora upya kwa nodi nne nje na nne ndani

Mteja mmoja wa samaki hapa Kisumu aliniletea faili ya neno omena ikatwe stika ya gari, mtu alikuwa ameitoa kwa picha na Trace Bitmap ya Inkscape, ile programu ya kuchora, inayogeuza picha kuwa mistari. Kwa skrini ilikaa fiti, lakini ukizumu ile o ilikuwa imejaa nodi, yaani vituo vya mstari, pembeni kote, na kisu cha ploto kinafuata kila kamwinamo kadogo hadi ukingo unatoka na mawimbi.

Nilijaribu Ctrl+L ya kurahisisha mstari kwanza, nodi zikapungua sawa, lakini ikala pia kona kali za m na n, so nikarudisha.

Kilichofanya kazi ni kuchora o upya juu ya ile ya zamani. Nodi ziko nne tu kwa mzingo wa nje: juu kabisa, chini kabisa, kushoto na kulia, halafu nne zingine za ndani. Zote nazifanya smooth kwa Shift+S, na hendo, ile mikono ya nodi inayopinda mstari, nazivuta nikishika Ctrl ndio zikae wima ama mlalo kabisa. Urefu wa hendo ndio siri yenyewe, kwa duara ni kama 0.55 ya nusu kipenyo, yaani o ya milimita 100 hendo ni karibu 27.5. Ukizidisha pembe zinavimba kama mraba, ukipunguza inachongoka kama almasi. Kuhakikisha, naangalia kwa Outline inayoonyesha mistari tupu, jicho linaona kibonde haraka bila rangi.