Harufi Mbili

Mwaka ule nilikuwa na miaka 18, na Safinatun-Naja nilikuwa naijua kwa moyo. Ni kitabu kidogo cha fiqhi, chaingia mfuko wa kanzu, lakini mimi nilipita mtaani kama niliyemeza maktaba nzima.

Alasiri moja, tuko rakaa ya tatu, mtoto akapita mbele ya safu akiburura ndoo. Mzee mmoja mvuvi, tuliyegusana mabega, ikamponyoka: "We mtoto!" Nikaisubiri salamu kwa hamu, Mungu anisamehe. Imamu alipomaliza tu, nikamgeukia mzee kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Mzee, sala yako imebatilika. Harufi mbili tu zatosha!"

Mzee hakujibu. Alisimama, akasali upya peke yake, watu wakimtazama.

Jioni kwenye darsa, maalim hakunitaja wala hakunitazama. Alikuwa akipangusa miwani yake kwa ncha ya kilemba, akasimulia kisa ambacho mshairi Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273, amekitia katika utenzi wake wa Mathnawi. Wahindi wanne wanasali msikitini, mwadhini akaingia. Wa kwanza akamwuliza, "Umeshaadhini, au bado?" Wa pili akamwambia, "We, umesema, sala yako batili." Wa tatu akamkemea wa pili, "Wamsema yeye? Jiseme mwenyewe!" Wa nne akashusha pumzi: "Alhamdulillahi, mimi sikutumbukia shimoni kama hawa watatu."

Tulicheka mpaka mikeka ikasogea. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana kanuni ya harufi mbili nilikuwa nayo kiganjani na nikaona wajinga wanne kwa mpigo.

Maalim akangoja kicheko kitulie. "Hebu tusomee, mwanangu, hapo penye vinavyobatilisha sala."

Nikasoma bila kufungua kitabu: "An-nutqu biharfaini au harfin mufhimin..." Nikanyamaza.

"Malizia."

"...amdan."

Yaani kutamka harufi mbili, au moja yenye kufahamika, na hilo amdan ndilo kwa makusudi. Neno moja, tena la mwisho, na mimi mchana nilikuwa nimelimeza. Neno dogo lililomtoka mtu kwa kuteleza ulimi halimbatilishii sala. Mzee alikuwa amerudia sala aliyokwisha kuiswali sawasawa.

Maalim akafungua ukurasa mwingine, akaendelea na hukumu za udhu. Angenikaripia mbele za watu ningebishana, nilikuwa na dalili tele. Lakini hukumu nilikwisha kuitoa mwenyewe, kwa kicheko, kabla sijajua ni ya nani. Na aliyemcheka wa nne ni wa ngapi? Swali hilo nililala nalo.

Asubuhi nikaenda markiti kumwomba mzee radhi. Alikuwa akiparua changu, magamba yamemjaa mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Harufi Mbili," akasema, na wauza samaki wote wakaangua kicheko. Mpaka leo wa mtaa ule hawanijui kwa jina jingine.